Kliniki tembezi: barabara inavyokula saa za mezani

Mpe mtu ambaye hajawahi kupanda gari la kliniki tembezi bajeti yake aipitie, na kalamu yake itatua palepale: kwenye posho. Dawa hazigusi, maana nani anataka kuonekana amepunguza dawa za wagonjwa? Dizeli anaiona ndogo. Posho ndiyo kasma iliyonona, tena ina harufu ya watu kujinufaisha, kwa hiyo inakatwa. Uamuzi huwa ni uleule: timu isilale tena huko iendako, irudi kila jioni, ilipwe chakula cha mchana tu, na idadi ya vijiji ibaki kama ilivyo.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na mara moja au mbili nilikuwa upande wa waliokata. Hesabu ilionekana safi, nasi tukaifunga. Tulichosahau ni kuifuata hadi mahali inapoishia, yaani kwenye meza ndogo chini ya mti ambapo mkunga anampima mama presha.

Tuifuate basi. Bei hazilingani popote na hupanda kila uchao, kwa hiyo nitageuza kila gharama kuwa lita za dizeli. Nikisema posho ya usiku mmoja ni lita 15, maana yake fedha hiyo ingetosha kununua lita 15. Uwiano nitakaotumia ni wa mfano tu. Kwako utakuwa mwingine, na utabadilisha tarakimu uone kinachotokea.

Timu ina watu watano: tabibu, muuguzi mkunga, mchanjaji, mtu wa dawa na kumbukumbu, na dereva. Ina gari moja na vijiji 24 vya kufika kila mwezi. Vijiji hivyo viko katika makundi manne ya vijiji sita sita, na kila kundi liko kilomita 80 kutoka kituoni, barabara ya vumbi. Timu hutoka mara nne kwa mwezi, siku tatu kila safari, vijiji viwili kwa siku, na hulala nje usiku mbili. Kwenda ni kilomita 80, kurudi 80, na kuzunguka baina ya vijiji kama 80 nyingine. Safari moja ni kilomita 240, mwezi mzima 960.

Gari lililobeba watu watano, masanduku ya dawa na tairi la akiba, kwenye barabara ya namna hiyo, nalikadiria kilomita sita kwa lita. Hizo ni lita 160 za dizeli. Hapa ndipo wengi hufunga hesabu ya gari, na hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Gari linahitaji sevisi ya kumwaga oili na kubadili filta kila kilomita 5,000. Tairi ambazo kwenye lami zingefika mbali, kwenye mawe hazifiki. Halafu kuna springi, shokamzoba na bushi, vitu ambavyo havina tarehe ya kufa lakini hufa kwa kilomita. Ukijumlisha gharama zote hizo na kuzigawa kwa umbali, tuseme kila kilomita moja inakula sehemu moja ya kumi ya lita juu ya mafuta yenyewe. Kwa kilomita 960 hiyo ni lita 96. Bima na ada nyingine za mwezi, gari liende lisiende, tuweke 60. Jumla ya gari ni 316, na dizeli ni nusu yake tu.

Posho: kila mtu hulipwa usiku mbili kwa lita 15, na siku ya kurudi chakula cha mchana, lita 5. Hizo ni 35 kwa mtu kwa safari. Watu watano, safari nne: 700. Dawa, chanjo na vifaa tuweke lita 25 kwa kila kikao cha kijiji, jumla 600. Mwezi mzima unafika lita 1,616.

Sasa unaona kwa nini kalamu inatua pale. Posho ni zaidi ya theluthi moja ya fedha zote, na dizeli ya kweli ni moja ya kumi tu. Bosi yeyote mwenye akili timamu angeuliza: hivi tunaendesha kliniki au tunaendesha posho?

Tukubali pendekezo lake. Timu irudi nyumbani kila jioni. Posho inakuwa chakula cha mchana tu: watu watano, siku 12, lita 5, jumla 300. Tumeokoa 400, na mhasibu anaandika hivyo kwenye taarifa yake. Lakini gari sasa linakwenda na kurudi kila siku. Kilomita 160 za njia kuu na 20 za kuzunguka, mara 12, ni kilomita 2,160. Dizeli inapanda kutoka 160 hadi 360. Uchakavu unapanda kutoka 96 hadi 216. Gari zima linakuwa lita 636 badala ya 316.

Kwa hiyo zile 400 zilizookolewa, 320 zimerudi kuliwa na gari. Akiba ya kweli ni 80. Na ubaya wake ni kwamba akiba inaonekana mwezi huohuo, ilhali lita 120 za uchakavu zitajitokeza miezi mingi baadaye, kwenye kasma nyingine, kwa jina la "matengenezo ya dharura". Hakuna atakayeziunganisha na kikao cha posho. Dereva mmoja aliwahi kumwambia mkubwa wake mbele yetu, kwa adabu zote: "Mkuu, gari halidai posho, lakini linakula springi." Tulicheka. Hakuna aliyeandika.

Bado kuna mtu atasema 80 si haba. Ni kweli, na kama hadithi ingeishia kwenye fedha, ningemuunga mkono. Tuhesabu saa.

Siku ya kazi tuipe saa tisa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwenye barabara ile gari hutembea kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo kwenda ni saa mbili. Kupanga na kufungasha huchukua kama saa nzima kwa kila kijiji: kushusha masanduku, kutafuta kivuli, kuning'iniza mizani, kupanga kadi, kisha kuhesabu dawa zilizobaki na kupakia upya. Chakula nusu saa. Kinachobaki ndicho ninachokiita saa za mezani, muda ambao mgonjwa na mtoa huduma wako uso kwa uso.

Timu inapolala nje, siku ya kwanza ina saa mbili za kwenda na nusu saa baina ya vijiji, saa mbili za kupanga na kufungasha, na nusu saa ya kula. Zinabaki saa nne. Siku ya pili haina safari ndefu, ni saa moja tu ya kuzunguka, kwa hiyo zinabaki tano na nusu. Siku ya tatu ni kama ya kwanza, nne. Safari moja ina saa 13 na nusu, mwezi mzima saa 54.

Timu inaporudi kila jioni, kila siku inapoteza saa nne njiani na nusu baina ya vijiji. Ukitoa kupanga, kufungasha na kula, zinabaki saa mbili kwa vijiji viwili. Mwezi mzima ni saa 24. Vijiji ni 24 vilevile na ripoti inasomeka vilevile, asilimia mia moja ya lengo.

Weka kando dawa, kwa kuwa ni sawa pande zote mbili. Mpango wa kulala nje ulitugharimu lita 1,016 kwa saa 54, kama 19 kwa saa ya mezani. Mpango wa kurudi unatugharimu 936 kwa saa 24, yaani 39. Tumepunguza bajeti kidogo na bei ya saa moja ya huduma imezidi maradufu. Cha rahisi ghali, wahenga walishasema, ingawa sidhani walikuwa wanafikiria shokamzoba.

Saa moja kwa kijiji ina maana gani kwa macho? Mama mjamzito anayefika kwa mara ya kwanza anahitaji historia yake iandikwe, presha, uzito, kipimo cha damu, maelezo ya vidonge vya madini ya chuma na foliki, na dakika chache za kuuliza anachoogopa. Mkunga mzuri akiifanya kazi hiyo kwa dakika 25, saa inamtosha kwa akina mama wawili na kitu. Wakiwa kumi wanamsubiri, atafanya mojawapo ya mambo mawili: atawarudisha wanane, au atawaona wote kwa dakika sita sita. Karibu kila mara huchagua la pili, na simlaumu, maana wametembea. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama aonwe angalau mara nane katika ujauzito. Kadi itaonyesha amekuja. Safu ya presha itakuwa tupu, au itakuwa na namba inayofanana na ya mama aliyemtangulia.

Hapo ndipo pa kutazama, kwa anayetaka kujua hali bila kusubiri mkaguzi. Fungua rejista ya kikao na utafute 120/80 inayojirudia ukurasa mzima. Presha za kweli hazipangani hivyo. Kisha chukua daftari la safari za gari uliweke kando ya rejista. Kama timu inasema imefika vijiji 24 lakini mita ya gari imesogea kilomita 600 pale ambapo ramani inataka 960, kuna kundi la mbali ambalo halikufikiwa, na mara nyingi vijiji vya kandokando ya barabara kuu vimeandikwa mara mbili kwa majina ya vitongoji. Kama kilomita zimepanda lakini lita kwa kilomita zimebaki vilevile mwaka mzima, masika na kiangazi, mashaka ni yaleyale: gari kwenye tope halinywi sawa na gari kwenye vumbi kavu. Sisemi kila namba iliyonyooka ni wizi. Nyingine ni uvivu wa kuandika, na nyingine ni dereva anayejaza daftari la wiki nzima siku ya Ijumaa.

Baada ya kukata posho, jambo la pili linalopendwa ni kuongeza vijiji. "Mkiwa mko huko tayari, kijiji cha tatu si kilomita tano tu?" Ni tano kweli. Mafuta yake hayafiki lita moja. Lakini kijiji cha tatu kinakuja na saa yake nzima ya kupanga na kufungasha, na nusu saa zaidi ya njia, maana tano hizo ni za njia ya kijijini isiyo na mwendo. Chukua siku ya katikati ya safari, ile nzuri yenye saa tano na nusu kwa vijiji viwili. Ukiongeza cha tatu, zinabaki nne. Kila kijiji kilikuwa na karibu saa mbili na dakika 45. Sasa kina saa moja na dakika 20. Umeongeza vijiji kwa nusu na umepunguza huduma ya siku kwa zaidi ya robo.

Tena kijiji kipya kinafungua vichupa vipya. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, mara nyingi kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake lazima imwagwe zikipita saa sita tangu hapo au kikao kinapokwisha, lolote litakalotangulia. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ndivyo, na vichupa vyake vingi ni vya dozi 20. Huwezi kukibeba kichupa kilichofunguliwa kijiji cha kwanza ukakimalizie cha pili. Kwa hiyo ukiwagawa watoto tisa wa surua katika vijiji vitatu, watatu watatu, utafungua vichupa vitatu na kumwaga dozi 21. Wangekuwa mahali pamoja, ungefungua kimoja na kumwaga moja.

Nimemwona mchanjaji akikigeuzageuza kichupa mkononi kwa ajili ya mtoto mmoja. Mama ameketi, mtoto amevuliwa shati, na yeye anawaza taarifa ya upotevu wa chanjo atakayoulizwa mwisho wa mwezi. Akamwambia mama arudi mwezi ujao. Mwongozo unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini mwongozo hauulizwi maswali kwenye kikao cha tathmini. Kama bajeti ya chanjo imepangwa kwa kuhesabu watoto bila kuhesabu vikao, imemfundisha mchanjaji kumrudisha mtoto. Dozi za surua na BCG zipangwe kwa vichupa kwa kikao.

Kurudi ndiko jambo lenyewe, na kalenda ina mtego ambao bajeti nyingi hazijauona. Chanjo ya penta, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, katika ratiba za nchi nyingi hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na baina ya dozi zisipungue wiki nne. Timu hupenda kuahidi siku, tuseme Jumanne ya pili ya kila mwezi, na ni ahadi nzuri kwa kuwa watu huikumbuka bila kalenda. Lakini baina ya Jumanne ya pili moja na nyingine kuna siku 28 au 35. Kwa mwaka, mara nne au tano ni 35. Kwa chanjo si tatizo kubwa, mtoto anachelewa wiki moja. Kwa mzee wa presha aliyepewa vidonge 28, ni siku saba bila dawa, mara nne au tano kwa mwaka, na hapo gari halijaharibika hata mara moja.

Kwa hiyo kifurushi cha wagonjwa wa kudumu kihesabiwe siku 35, na juu yake siku 14 za akiba, ili safari ikiahirishwa kwa wiki mbili mgonjwa asikatike. Wahasibu hushtuka wakisikia vidonge 49 badala ya 28, wakidhani dawa zimekaribia kuongezeka maradufu. Hazijaongezeka hivyo; kinachoongezeka ni vidonge vya zile siku alizokuwa anakosa. Mgonjwa anameza kimoja kwa siku kama zamani. Zile 21 za ziada zinanunuliwa mara moja tu, mwanzoni, kisha kila kikao mnajaziliza zilizotumika. Wagonjwa 15 kwa kijiji, vijiji 24, ni watu 360 na vidonge 7,560, ununuzi wa mara moja. Ila sharti moja: mtu wa dawa aulize vimebaki vingapi nyumbani, la sivyo akiba itageuka kuwa rundo chini ya godoro.

Na timu ikitaka kuhama kwenda mzunguko wa wiki nne kamili, ijue mwaka una mizunguko 13 na bajeti ya miezi ina 12. Kila mwaka kutakuwa na safari nne ambazo hazina fedha, na timu itazigundua mwezi wa kumi na mbili.

Mimi ningefanyaje na lita zile 1,616? Ningeacha timu ilale nje. Ningepunguza idadi ya vituo vya kukutania kutoka 24 hadi 18 kwa kuunganisha vijiji jirani vilivyo ndani ya mwendo wa mguu. Kila kituo kilichoondoka kinarudisha saa moja ya kupanga na kufungasha, kwa hiyo saa za mezani zinapanda kutoka 54 hadi 60, watu wakiwa walewale. Vichupa vinavyomwagwa vinapungua. Kilomita zinapungua kidogo pia, ingawa si za kujivunia.

Mpango huo una gharama yake, na nani anailipa si siri. Kilomita tatu kwa mama mwenye mtoto mgongoni ni mwendo, kwa mzee aliyepooza upande mmoja ni safari isiyowezekana. Kwa ajili hiyo ningetenga fedha kidogo iwe posho ya mhudumu wa afya wa jamii katika kila kijiji kilichopoteza kituo, siku moja kwa mwezi. Kazi yake siku hiyo ni kufika kituoni na orodha ya wasioweza kutembea, kuchukua vifurushi vyao vilivyoandikwa majina, na kuvipeleka. Vijiji 12 vitakuwa vimeoana jozi sita, na kila jozi ina kijiji kimoja kilichopoteza kituo, kwa hiyo ni watu sita. Tukimlipa kila mmoja lita 10, ni 60 kwa mwezi. Vikao sita vilivyopungua vinaachia sehemu ya gharama ambayo haifuati idadi ya watu: vichupa vilivyokuwa vikimwagwa, maboksi ya sindano yaliyofungwa yakiwa nusu, glavu za kuanzia. Ikirudi lita 10 kwa kila kikao, deni limelipwa.

Sehemu ngumu ni fomu ya ripoti. Wanaotoa fedha huuliza "vijiji vingapi vimefikiwa", na 18 inaonekana mbaya kando ya 24 ya mwaka jana. Nimeona meneja akirudisha vijiji vyote 24 kwa sababu hiyo tu. Njia iliyotusaidia sisi ilikuwa kuongeza safu mbili kwenye rejista ya kikao: saa mgonjwa wa kwanza alipokaa mezani, na saa wa mwisho alipoinuka. Mwezi wa kwanza zilijazwa hovyo. Mwezi wa tatu, kwenye kikao cha tathmini, mtu mmoja alisoma kwa sauti kijiji kimoja cha mbali: wa kwanza saa sita na dakika kumi, wa mwisho saa sita na dakika hamsini na tano, wagonjwa 31.

Mhasibu ndiye aliyeomba asomewe tena.